Naombeni msaada: zoezi la kukata vitenzi kwa mofimu, hii KU inaniingia kila safu

Tawi_la_Mwisho

Wakuu habari zenu. Tumepewa zoezi la isimu, vitenzi saba, kila kimoja tukikate mofimu kwa mofimu halafu chini yake tuandike maana ya kila kipande. Jedwali tulilopewa lina safu nne tu: nafsi, wakati, mtendwa, mzizi. Vitenzi vyenyewe hivi hapa:

anakula, hawakuja, nitakuona, anakua, wamekujia, waliokukuta, hukuona

Nikianza nakwama palepale, kila neno lina "ku" na sijui niiweke wapi. Kwenye nitakuona naona wazi ni wewe, hiyo haina shida. Ila kwenye anakula nikiiweke safu ya mtendwa nakuwa nimesema anakula wewe, na sentensi tuliyopewa ni "mtoto anakula chakula". Sasa hawakuja ndo kabisa, hakuna anayefanyiwa kitu hapo. Sitaki mnifanyie zoezi zima, nataka njia ya kujua ku hii ni ipi, maana mtihani utakuja na maneno mengine.

Kipanga_Sarufi

Ndugu hii ni rahisi. Kuna vitenzi vya silabi moja: la, nywa, fa, ja, wa, pa, cha, nya. Hivyo mzizi wake ni mfupi mno kwa hiyo vinabeba ile ku ya kitenzi jina, kula, kunywa, kufa. Ukiona ku mbele ya kitenzi cha silabi moja ni hiyo ya kitenzi jina, ukiiona mbele ya kitenzi kirefu basi ni wewe. Kwa hiyo anakula ni ku ya kitenzi jina, hawakuja hivyohivyo, nitakuona ni wewe, waliokukuta hapo zipo mbili. Maliza zoezi ulale.

Bi_Mkazo

Kipanga umeshika upande mmja vizuri, upande wa pili utamkosesha mwenzio alama. Kwanza anakula upo sahihi. Lakini hawakuja siyo ku ileile, japo kitenzi ni kilekile cha silabi moja.

Tawi, chukua neno lako halafu toa kitenzi kifupi, weka kitenzi kirefu ambacho hakina utata, mimi napenda kutumia "soma". Usiguse kitu kingine.

anakula ukiweka soma inakuwa anasoma. Ku imeondoka. Maana yake ilikuwepo kwa ajili ya kitenzi tu, haikuwa na kazi nyingine.

hawakuja ukiweka soma inakuwa hawakusoma. Ku imebaki palepale! Maana yake haikuja na kitenzi, ni ya wakati. Ni ule wakati uliopita ukiwa umekanushwa, walisoma / hawakusoma, li inatoka ku inaingia. Kwa hiyo inakaa safu yako ya wakati:

```
a-na-ku-l-a
yeye-SASA-KU-la-TAM

ha-wa-ku-j-a
KAN-wao-ULIOPITA.KAN-ja-TAM
```

TAM ni ile irabu tamati, KAN ni ukanushi. Hesabu vistari juu na chini, lazima vilingane, hata kanuni za Leipzig zinazotumika kwenye isimu zinadai hivyo, na ndiyo njia ya haraka ya kujikagua kabla hujakabidhi kazi. Ukiona juu vistari vinne na chini vitatu kuna kipande umekisahau.

Na hizo safu nne hazitoshi, mwambie mwalimu wako kwa adabu. Ukanushi hauna pa kukaa, urejeshi hauna, ile ku ya anakula nayo haina. Ongeza safu, usiishindilie isipofaa.

Kipanga_Sarufi

Sawa Bi Mkazo, ila nina swali. Kama ku ya hawakuja ni ya wakati, ile ya kitenzi jina imeenda wapi? Si ilipaswa kuwa hawakukuja? Walikuja ina ku, wakikanusha zinapaswa kuwa mbili.

Bi_Mkazo

Hilo swali zuri na ndilo linalofungua jambo lote.

Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tamka "anasoma", mkazo upo kwenye SO, ndani ya kitenzi. Sasa kitenzi kikiwa silabi moja, "la", mkazo inabidi uangukie kipande kilichokitangulia. Kuna vipande vinakubali kubeba mkazo na vingine vinakataa. Hivi vinakataa: na, li, ta, me, nge, ngali, sipo, na virejeshi vyote kama ye, o, po. Ndo maana husikii *anala wala *atakapoja, inabidi ku ije katikati ibebe mkazo: anaKUla, atakapoKUja, asipoKUja, angeKUja.

Vingine havina shida kubeba. Ki: akija, siyo akikuja. Ka: akaja. Hu ya desturi: huja. Ja: hajaja, hajala. Dhamira: aje, tule. Na ku ya ukanushi wa wakati uliopita ipo kundi hili. Sema kwa sauti "hawaKUja", mkazo umeipata ku ya ukanushi na imeubeba, basi hakuna kazi iliyobaki kwa ku nyingine. Ndo maana haiji.

Na kitu kingine kinachobeba mkazo ni mtendwa. Anakula chakula, lakini "chakula anakila". Angalia, ki imeingia, ku imetoka. Hazikai pamoja, anakukila haipo.

Tawi_la_Mwisho

Aisee hii ya kuweka soma nimeipenda. Ngoja nijaribu. Wamekujia, naweka soma... wamekusomea. Ku imebaki, kwa hiyo ni ya wakati?

Bi_Mkazo

Ku imebaki ndiyo, kwa hiyo unajua si ile ya silabi moja. Ila kubaki hakukwambii moja kwa moja ni ya wakati, angalia kama wakati tayari una kipande chake. Wamekujia ina me, wakati umeshapatikana. Basi fanya jaribio la pili, badilisha mtu. Kama ku ni wewe, itakubali kubadilika: wamenijia, wamemjia, wametujia. Imekubali. Ni mtendwa.

Linganisha na wamekuja bila i. Wamenija? Haisemeki. Hapo ku ni ya kubeba mkazo tu. Yaani i moja ndogo ya kutendea inageuza kila kitu, kwa sababu "jia" ni silabi mbili, kinajitegemea kwa mkazo, hakihitaji ku yoyote. Kwa hiyo ukiona ku mbele yake lazima iwe na kazi nyingine. Ndivyo ilivyo hata kwa analiwa, hakuna anayesema anakuliwa.

```
wa-me-ku-j-a
wao-TIMILIFU-KU-ja-TAM

wa-me-ku-j-i-a
wao-TIMILIFU-wewe-ja-TENDEA-TAM
```

Kipanga, angalia pia "pa" uliyoiweka kwenye orodha yako. Anakupa zawadi. Kwa kanuni yako ku ingekuwa ya kitenzi jina, lakini badilisha mtu: ananipa, anampa, anatupa. Ni mtendwa. Pa siku zote kinadai mpewaji, na mpewaji ndiye anayebeba mkazo, kwa hiyo hata siku moja hakitumii ile ku tupu na na, li au ta.

Kipanga_Sarufi

Ya pa nakubali. Bado naona kanuni yangu inafanya kazi kwenye vingi.

Ufunguo77

Wadau mimi nimefika hapa kwa sababu natengeneza skripti ya kukata vitenzi kwenye kompyuta, natumia mpangilio huu:

```
^a(na|li|ta|me)(ku)?(.+)a$
```

Anakuona inakata vizuri, anakuja nayo vizuri. Lakini anakumbuka inanipa a-na-ku-mbuk-a, anakusanya inanipa a-na-ku-sany-a, na anakubali haikati kabisa. Nifanyeje? Niandike orodha ya vitenzi vyote vinavyoanza na ku?

Bi_Mkazo

Ufunguo, ndiyo, bila orodha ya mizizi skripti yako haina namna ya kujua. Kumbuk, kusany, kut, kubali, kuz, zote zina ku ndani ya mzizi wenyewe. Binadamu anajua kwa sababu anajua "mbuka" hakina maana, kompyuta haijui. Jaribio ni lilelile, nimemkumbuka, wamenikumbuka, mtendwa anakuja MBELE ya ku na ku inabaki. Kipande ambacho kinabaki baada ya mtendwa wa kweli kuingia ni cha mzizi.

Na anakubali imekushinda kwa sababu umelazimisha neno liishie a. Maneno yaliyotoka Kiarabu kama kubali, shukuru, samehe hayana ile irabu tamati ya kukata pembeni. Kanusha utaona: anasoma / hasomi, a imegeuka i. Anakubali / hakubali, hakuna kilichogeuka. Kwa hiyo anakushukuru ni a-na-ku-shukuru, inaishia hapo.

Ufunguo77

Asante, basi nitaanza na orodha ya mizizi ndo nije kwenye viambishi. Je neno likiwa na njia mbili skripti itoe zote?

Bi_Mkazo

Itoe zote. Utaona kwenye hukuona ya Tawi.

Msomi_wa_Jioni

Jamani mbona mnazunguka, ngeli ya KU ni ya vitenzi jina. Kusoma kunafaa, kuimba kwake kunapendeza, kucheza kuzuri. Hapo ku ya mwanzo ni ngeli na ku ya pili ni upatanisho. Mwanafunzi aandike ngeli ya KU kwenye yote apate alama zake.

Tawi_la_Mwisho

Ndugu Msomi asante ila kwenye zoezi langu hakuna neno linaloanza na ku, zote zipo katikati. Nafsi zetu ni a, wa, ni.

Nikirudi kwenye waliokukuta nimepata hivi, nimebadilisha mtu ikawa walionikuta, kwa hiyo ku ya kwanza ni wewe na ya pili imebaki kwa hiyo ni ya mzizi:

```
wa-li-o-ku-kut-a
wao-ULIOPITA-REJ-wewe-kuta-TAM
```

Anakua sasa. Naweka soma inakuwa anasoma, ku imeondoka. Kwa hiyo ni kama anakula? a-na-ku-?-a, mzizi siuoni!

Mwanzi_Mrefu

Mzizi ni w, anakuwa. Wengi wanaandika anakua lakini ni neno lilelile tu, la kuwa. Mimi mwenyewe nikiandika ujumbe naandika "nitakua hapo saa tatu" na watu wanaelewa.

Bi_Mkazo

Hapana Mwanzi, usimpeleke huko, hapo kuna vitenzi viwili tofauti na tahajia ndiyo inayovitenganisha. Katika usemi wa kawaida w ile haisikiki sana baada ya u ndo maana watu wanavichanganya kwenye maandishi.

Tawi, jaribio la soma linakudanganya hapa kwa sababu ukitoa kitenzi kizima unatoa na ku iliyo ndani yake. Kwa hiyo kwa neno kama hili tumia jaribio la tatu, likanushe kwa wakati uliopo. Ukanushi huo hauna ku ya kubeba mkazo, ha-l-i, ha-w-i, kwa hiyo ku ikibaki hapo ni ya mzizi.

Mtoto anakula > mtoto hali.
Mtoto anakuwa mkaidi > mtoto hawi mkaidi.
Mtoto anakua > mtoto hakui. Mmea unakua > mmea haukui.

Umeona? Hakui imebaki na ku yake. Hiyo ku ndiyo mzizi wenyewe, wa kukua, kuongezeka kimo. Wakati uliopita nao unasema hivyohivyo: hakuwa mkaidi ina ku moja ya ukanushi, hakukua ina mbili, ya ukanushi na ya mzizi.

```
a-na-ku-a
yeye-SASA-kua-TAM

a-na-ku-w-a
yeye-SASA-KU-wa-TAM
```

Na Mwanzi, kwa zoezi la mofimu "nitakua hapo" inasomeka nitaongezeka kimo hapo. Kwenye ujumbe wa simu muktadha unakuokoa, kwenye jedwali haukuokoi.

Tawi_la_Mwisho

Nimeelewa kabisa. Imebaki hukuona. Nimepata h-u-ku-on-a, wewe hukuona kitu, ku ni ya wakati uliokanushwa kwa sababu hukusoma inabaki na ku. Lakini nikibadilisha mtu nayo inakubali, huniona, humwona, hutuona. Majaribio mawili yananipa majibu mawili.

Bi_Mkazo

Na yote mawili ni kweli. Hilo neno lina njia mbili, majaribio yamefanya kazi yake.

```
h-u-ku-on-a
KAN-wewe-ULIOPITA.KAN-ona-TAM

hu-ku-on-a
DESTURI-wewe-ona-TAM
```

"Jana hukuona tangazo" ni ya kwanza. "Yeye hukuona kila asubuhi ukipita" ni ya pili, yaani ana kawaida ya kukuona. Angalia ya pili haina nafsi kabisa, mimi hukuona, wao hukuona, hu haijali ni nani, kwa hiyo safu ya nafsi iache wazi, usibuni kitu cha kuijaza. Kama mwalimu hajatoa sentensi, andika zote mbili na sentensi ya kila moja. Hiyo ndo kazi inayoonyesha umeelewa.

Na ukitaka zaidi, hata atakula ina njia mbili. "Mtoto atakula ugali", ku ya mkazo. "Usimsogelee simba, atakula", hapo inaweza kuwa wewe ndiye unayeliwa, na kwa kuwa ku ya wewe imeshabeba mkazo ile nyingine haiji, zinabaki zimefanana herufi kwa herufi. Badilisha mtu uone: atanila, atamla.

Mzee_wa_Njeo

Nimefuatilia kimya, Bi Mkazo umeeleza vizuri ila sikubaliani na kuiandika "KU" tu kwenye mstari wa maana kana kwamba haina asili. Ta imetokana na kitenzi taka. Ataka kuja ndiyo imefupika ikawa atakuja, na ku ni ya kitenzi jina kama alivyosema Kipanga mwanzo. Na me vilevile ilikuwa kitenzi cha kumaliza, li nayo ni kitenzi cha kuwa. Vipande vilivyotokana na vitenzi ndivyo vinavyofuatwa na ku, ki na ka havikutokana na vitenzi ndo maana havina. Kwa hiyo mwanafunzi aandike kitenzi jina, basi.

Kipanga_Sarufi

Asante Mzee!

Bi_Mkazo

Mzee wangu, asili hiyo siipingi. Ila zoezi linauliza kipande kinafanya nini leo. Kama atakula ni ataka kula iliyofupika, basi ataka kumla ingekuwa atakumla, na ataka kuliwa ingekuwa atakuliwa. Tunasema atamla, ataliwa. Ku imebaki pale tu mkazo ulipoihitaji, kwingine kote imepukutika. Ndo maana siwezi kuiita kitenzi jina, atakula kama neno zima si jina, ni kitenzi kilichoambishwa nafsi na wakati.

Mzee_wa_Njeo

Na mkazo pekee nao hautoshi mwanangu. Amekwenda, amekwisha. "Enda" na "isha" ni silabi mbili, mkazo unatosha ndani yake, kwa hiyo kwa kanuni yako ku isingekuwepo, na bado ipo, imegeuka kw mbele ya irabu. Sema pia ameenda na ameisha, zote zipo na zote ni Kiswahili. Ku ile ya zamani imebaki hapo bila mkazo kuihitaji. Kanuni yako inaeleza anakula, haielezi anakwenda.

Bi_Mkazo

Hapo umenibana kweli. Enda na isha ndivyo vitenzi viwili ambavyo mkazo haueleze, na hiyo ku yake naiona ni mabaki, inatoka kwa wengine na inabaki kwa wengine. Ila kwa jina la kuiita kwenye mstari wa maana bado hatujakubaliana, na sidhani tutakubaliana leo. Tawi, chagua jina moja, eleza chini ya jedwali kwa nini, na ulitumie hilohilo mpaka mwisho.

Tawi_la_Mwisho

Nitaandika KU na maelezo ya mkazo chini, halafu nitataja na asili aliyosema Mzee. Swali dogo, hakwenda je? Ile kw ni ya ukanushi au ni hayo mabaki?

Ufunguo77

Niliweka soma: hakusoma. Ku imebaki, kwa hiyo ukanushi.

Mzee_wa_Njeo

Ya ukanushi, ndiyo, na wengine husema hakuenda bila kuigeuza. Ha-ku-end-a. Sasa hiyo ha ya mwanzo, utaandika ha-a-ku-end-a kwa sababu nafsi a imemezwa, au utaandika ha peke yake na kuipa kazi mbili?

Kipanga_Sarufi

Mimi naandika ha-a. Nafsi haiwezi kupotea hivihivi, hawa-, hatu-, ham- zote zinaonyesha nafsi.

Bi_Mkazo

Na sikuja? Si haikatiki, ukanushi na mimi vimo ndani yake vyote viwili. Mimi naandika ha na nukta chini, KAN.yeye, kama ninavyoandika si kuwa KAN.mimi, ili nisiweke juu herufi ambayo haisikiki mdomoni. Lakini njia ya Kipanga nayo ina watu wake wengi, muulize mwalimu wako anataka ipi kabla hujakabidhi.